Bisi za mama na nusu-maisha ya iodini

Nilipokuwa kidato cha nne, swali moja la mionzi lilinikwamisha. Kama nusu ya atomu za iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, inavunjika kwa siku 8, muda unaoitwa nusu-maisha yake, kwa nini nusu iliyobaki isiishe yote siku 8 zinazofuata? Mwalimu wa fizikia aliandika ubaoni 800, 400, 200, 100, na kukokotoa nilikuwa najua. Nilichotaka kujua ni hiki: atomu zinajuaje kwamba zimebaki chache, mpaka zipunguze kasi?

Jibu nililipata jioni moja nikimsaidia mama kukaanga bisi za kuuza Kirumba. Mahindi yakishapata moto, punje moja inapasuka, kimya, nyingine, halafu zinafululiza hadi kifuniko kinatetemeka. Baadaye mlio unaanza kuachana. Mama huusikiliza sana huo mwisho, maana ukichelewa kuipua bisi zinaungua.

"Mama, mbona zinachelewa na moto ni uleule?"

"Si zimebaki chache, mwanangu. Unataka ipasuke ipi?"

Nilisimama na mwiko mkononi. Kumbe hakuna punje iliyopunguza kasi! Kilichopungua ni idadi ya zinazoweza kupasuka. Ndivyo ilivyo kwa iodini: katika atomu 800, kila moja ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuvunjika ndani ya siku 8, kwa hiyo zinavunjika kama 400. Hizo 400 zilizobaki kila moja ina uwezekano uleule, basi zinavunjika kama 200. Hakuna atomu inayohesabu wenzake. Nasema "kama" kwa sababu, kama ilivyo kwa punje, huwezi kutaja ni ipi itakayofuata. Zikiwa nyingi mno hesabu inakaribia nusu kabisa. Zikibaki 10, zinaweza kuvunjika 3 au 7.

Tena punje iliyopasuka haijatoweka, imegeuka bisi. Iodini-131 nayo inatoa mionzi ya beta na gama, inageuka zenoni.

Kesho yake nilimweleza mwalimu. Alifurahi, kisha akaniuliza, "Ukizima jiko je?"

Swali hilo nalipenda mpaka leo, kwa kuwa linaonyesha mfano unapokomea. Jiko likizimwa, bisi zinaacha kupasuka. Iodini haiachi, iwe juu ya moto au kwenye barafu, kwa sababu joto la jiko halikigusi kiini cha atomu. Punje pia hukusanya joto kidogo kidogo, hadi maji yaliyo ndani yake yawe mvuke wa kupasua ganda, kwa hiyo iliyotangulia sufuriani iko karibu zaidi kupasuka kuliko iliyotiwa sasa hivi. Ndiyo maana wenzangu nawaambia wasikilize mwisho wa sufuria tu, si mwanzo. Kiini hakikusanyi chochote wala hakizeeki: atomu ya iodini-131 iliyomaliza siku 80 bila kuvunjika ina uwezekano wa kuvunjika katika siku 8 zijazo sawasawa na iliyotengenezwa leo asubuhi.