Siku tisini si miezi mitatu

Lubumbashi, tarehe 4 Juni

Baridi ya Juni imeingia kabisa. Leo nimeandika nikiwa na koti mabegani, mlango wa biro umefungwa, dosie nne zimetandazwa mezani. Keshokutwa namkabidhi kazi dada anayekuja kushika manunuzi ya mradi wetu wa maji, na tangu wiki iliyopita ninaandika taarifa yake ya makabidhiano. Kurasa tatu tu, lakini zimeninyima usingizi.

Sababu naijua. Miaka mitano iliyopita, kwenye kazi nyingine, mimi nilipokea taarifa ya namna hii. Ilikuwa na jedwali zuri, dosie kumi na moja, na pembeni ya kila moja neno moja: "inaendelea". Nililiamini neno hilo. Kati ya hizo kumi na moja, moja ilikuwa zabuni ya kuchimba visima ambayo uhalali wake ulibakiza siku sita. Hakuna aliyeniambia, nami sikufungua dosie kuhesabu. Siku sita zikapita. Mzabuni aliyekuwa na bei nzuri akatuambia kwa adabu kwamba bei ile haimfungi tena, na alikuwa na haki. Tukatangaza upya. Wale watu wa pembeni mwa mji waliendelea kununua maji kwa bidoni miezi mingine mitatu.

Kwa hiyo katika taarifa yangu neno "inaendelea" halimo. Kila dosie nimeiandikia kwanza tarehe ambayo kitu fulani ndani yake kitakufa, na ni kitu gani.

Dosie ya pampu ndiyo nzito. Zabuni zilifunguliwa tarehe 12 Machi, wazabuni watatu. Masharti yetu yanasema zabuni ni halali kwa siku 90 tangu siku hiyo. Mwenzangu wa biro alikuwa ameandika kwenye jalada, kwa penseli, "mwisho 12 Juni". Alihesabu miezi mitatu. Lakini siku tisini si miezi mitatu: Machi inabakiza siku 19, Aprili 30, Mei 31, hapo umefika 80, ukiongeza kumi unaangukia tarehe 10 Juni. Siku mbili tu za tofauti, ila ukipeleka barua ya ushindi tarehe 11 unampelekea mtu ambaye ofa yake imekwisha jana.

Na tarehe 10 hatutakuwa tayari. Tathmini tuliimaliza, ripoti ilikwenda kwa mfadhili tarehe 19 Mei, na bila barua yake ya kutopinga hatuwezi kumtangaza mshindi. Haijafika.

Katika rasimu ya kwanza niliandika: "Wazabuni wamekubali kushikilia bei." Dada alikuja tarehe 2 kusoma, akaweka kidole kwenye mstari huo.

"Yaya, wamekubali wapi? Barua iko wapi?"

Nikamwambia tulizungumza kwa simu, wote watatu, na kwamba ni watu ninaowafahamu.

"Mimi hawanifahamu," akasema. "Nikiwapigia wiki ijayo, nitawaonyesha nini?"

Nilinyamaza. Alisema kweli. Simu ile ilikuwa kati yao na mimi, na mimi naondoka. Saa nane mchana barua tatu zilikuwa zimesainiwa na kupelekwa, kila moja na daftari la kupokelea ili mhuri wa mpokeaji ubaki kwetu. Tumeomba siku 45 zaidi, yaani hadi 25 Julai, na dhamana ya zabuni irefushwe pia, maana kwetu dhamana lazima ipite uhalali kwa siku 28. Hiyo inaifikisha 22 Agosti. Jibu liwe limefika kabla ya kazi kufungwa tarehe 8.

Hapa ndipo nimeandika kwa urefu, kwa sababu majibu yanatofautiana na kila jibu lina njia yake. Wa kwanza amekubali, na benki yake imeleta waraka wa kurefusha dhamana, wa asili, wenye mhuri. Uko kwenye kasha la chuma pamoja na dhamana ya kwanza. Nakala ya kuskani haitoshi, asiipokee. Wa pili amekubali, lakini ameongeza mstari mmoja chini: bei itapanda kwa asilimia 4 kwa sababu ya usafiri. Hilo haliruhusiwi. Anayerefusha muda anaurefusha kwa bei ileile aliyoileta siku ya ufunguzi. Nimemwandikia leo kwamba aondoe sharti hilo, la sivyo tutahesabu kwamba amekataa. Wa tatu bado kimya. Akikataa, ni haki yake: anarudishiwa dhamana yake yote, anatoka kwenye shindano, na asiadhibiwe. Niliwahi kuona mtu akishikiliwa dhamana kwa kukataa kurefusha. Ilikuwa dhuluma, na mwaka uliofuata hakuleta tena ofa.

Jina la anayeongoza kwenye tathmini sikuliandika. Taarifa hii itapita kwenye barua pepe, na mpaka tuzo itangazwe matokeo hayo ni siri. Nimeandika tu kwamba ripoti iko kwenye kasha, bahasha ya kahawia, na kwamba ufunguo nitamkabidhi mkononi mbele ya shefu, asaini.

Dosie ya klorini ni nyepesi kuielewa, ila inasumbua kwa kelele. Oda ni madumu 60. Yamefika 46, niliyahesabu mwenyewe na mtunza stoo, na hati ya kupokea mzigo inasema 46. Ankara iliyoletwa inadai 60. Muuzaji anapiga simu kila siku akisema yale 14 yako mpakani Kasumbalesa, yanavuka kesho, tumlipe yote kwa mara moja. Nimemwandikia dada: hakuna sahihi kwenye ankara ya 60. Alete ankara ya 46, ilipwe mara moja, maana muuzaji naye ana madeni yake. Kinachokufa hapa ni barua ya msamaha wa ushuru. Inafunika madumu 60, lakini mwisho wake ni 30 Juni. Yale 14 yakivuka Julai, yatadaiwa ushuru ambao haumo kwenye bajeti. Kwa hiyo tarehe 20 asipoona mzigo, aanze kuomba barua nyingine asisubiri.

Dosie mbili zilizobaki, matairi na karatasi za biro, zina mistari miwili miwili. Zimelipwa, zinasubiri kufungwa tu.

Jioni nimesoma tena kurasa zote tatu kwa sauti, pole pole, nikijifanya sijui kitu kuhusu mradi huu. Mahali pawili nilikwama. Mahali pamoja nilikuwa nimeandika "kama kawaida". Nimelifuta, nimeandika hatua zenyewe: nani anapelekewa, anasaini nani, karatasi inarudi wapi.

Saa kumi na moja na nusu mlinzi aligonga kuuliza kama nalala humu. Mzabuni wa tatu bado hajajibu. Kesho asubuhi, kabla ya kupita biro, nitakwenda kwake mwenyewe na daftari la kupokelea, nimwombe jibu la maandishi, liwe ndiyo au hapana.