Nyota moja, na kitenge cha yadi sita

Jumapili, usiku.

Maoni yenyewe ni mistari minne, chini ya jina la duka la vitenge la Kariakoo, kwenye ramani ya Google: "Wezi hawa. Nimenunua kitenge cha mita 6, nimefika nyumbani kupima ni mita 5 na nusu. Nimekifua mara moja kimetoa rangi, kimeharibu gauni jeupe la mwanangu. Dada wa dukani hata hakuinua macho kwenye simu. Msiende." Nyota moja.

Mwenye duka akisoma hivi, jicho linaganda kwenye neno la kwanza. Hapo ndipo majibu mengi yanapoharibikia, kwa sababu anaanza kujibu "wezi" na kusahau yaliyobaki. Naona ni bora kuchukua karatasi na kuandika kila lalamiko kwenye mstari wake: kipimo, rangi, huduma. Neno "wezi" lisiandikwe kabisa. Hilo ni hasira ya mtu aliyeona kapunjwa, na likijibiwa kwa jina lake, msomaji anayepita atalikumbuka mara mbili.

Kipimo kwanza, maana hapo ndipo penye uonevu. Yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo yadi 6 ni sentimita 548 na kidogo, yaani karibu mita 5 na nusu. Mteja amepima vizuri kabisa. Kitenge kiko kamili, ila yeye alikuwa na mita kichwani na duka lilikuwa na yadi. Mita 6 kamili zingekuwa zaidi ya yadi 6 na nusu. Hata hivyo, duka lijiulize lilitamka nini. Kama muuzaji alisema tu "hiki cha sita", bila kutaja yadi, basi kutoelewana kulianzia kaunta. Aliyeonewa kwa kuitwa mwizi naye ana sehemu yake ndogo ya kosa, na jibu zuri linaibeba sehemu hiyo.

Rangi haijibiwi kwa kukisia. Kuna jaribio la dakika tano. Chukua kipande cha pamba nyeupe, kiloweshe, kikamue, kisha usugue mara kumi kwenye pindo la kitenge cha mtindo uleule na cha mzigo uleule. Rudia kwa kipande kikavu. Kikavu kikibaki cheupe na kibichi kikashika rangi, kitenge kina rangi ya ziada ambayo haikushika kwenye uzi, na itatoka kwenye beseni. Tuseme hapa kitambaa kibichi kimetoka na buluu inayoonekana waziwazi. Basi mteja ana haki, na hakuna sababu ya kuandika "vitenge vyetu ni vya ubora wa juu". Kuna anayeona mteja alikosea kukifua pamoja na nguo nyeupe. Ni kweli, nguo mpya ya rangi hufuliwa peke yake. Ila kama hakuna aliyemwambia pale dukani, jambo hilo halifai kuandikwa kwenye jibu.

Huduma ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu haina rula. Huenda binti alikuwa anasubiri ujumbe wa malipo ya simu yaliyofanywa na mteja mwingine. Muulize, tena kwa upole. Jibu lake likiwa hilo, libaki ndani ya duka. Mteja aliona uso ulioinama, na maelezo yoyote utakayoyaweka hadharani yatasomeka kama unamwambia hakuona alichokiona.

Sasa maneno. Kiswahili kinatupa "pole" na "tunaomba radhi", na havifanyi kazi moja. Pole inamfikia aliyeumia bila kusema nani kaumiza. Kuomba radhi ni kukiri. Gauni la mtoto linastahili pole, kwa kuwa duka halikuwepo kwenye beseni. Kutoonya kuhusu rangi na kutomhudumia vizuri kunastahili radhi. Kinachochoma ni "samahani kama ulikwazika", maana hiyo "kama" inamrudishia mtu hasira yake mkononi. Na "lakini" baada ya kuomba radhi hufuta radhi yote. Kwenye kipimo, "umekosea kupima" ni matusi, tena si kweli, kwa sababu alipima sawasawa.

Mpangilio nao una uzito. Yale ya haki yatangulie, kipimo kije mwisho. Ukianza na yadi, msomaji ataona unajitetea na hatafika kwenye rangi.

Jibu ningeliandika hivi:

"Habari, na asante kwa kutueleza. Pole sana kwa gauni la mtoto. Tumekijaribu kitenge cha mtindo huo na kweli kinatoa rangi. Tulipaswa kukuambia ukifue peke yake kwa maji baridi, na hatukukuambia. Tunaomba radhi kwa hilo, na kwa kutokuhudumia kwa makini siku hiyo. Kuhusu kipimo, vitenge vyetu huuzwa kwa yadi. Yadi 6 ni karibu mita 5 na nusu, kama ulivyopima. Tulipaswa kulitaja hilo wazi kabla hujalipa. Tafadhali pita dukani na kitenge hicho siku yoyote ya kazi, au tupigie kwa namba iliyo kwenye risiti, tukubadilishie au tukurudishie pesa. Mwenye duka."

Angalia kwamba neno "kama ulivyopima" linampa haki yake, na papo hapo linamweleza mpita njia kwamba hakuna aliyeibiwa. Hesabu inatetea duka bila duka kujitetea.

Gauni halikutajiwa fidia hadharani. Hilo linazungumzwa ana kwa ana, baada ya kuliona. Jina lililotokea kwenye malipo ya simu wala namba ya mteja visiwekwe kwenye jibu, hata kama umeshamtambua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, kumwanika mteja kunawatisha wengine. Pia usimwambie "ukiongeza nyota tutakupa punguzo". Google inakataza zawadi za kubadilishiwa maoni, naye akiiweka picha ya ujumbe huo, utakuwa umempa sababu ya pili ya kulalamika.

Kitufe cha kuripoti maoni kipo, na kinashawishi. Ni cha matusi, maoni ya kughushi, ya mshindani au yasiyohusu duka. Google haiamui nani mkweli kati ya mteja na muuzaji, kwa hiyo maoni haya yatabaki. Kitufe cha kubonyeza ni cha kujibu. Andika kwenye karatasi usiku, lala, fanya jaribio la pamba asubuhi, ndipo ubandike. Mteja hupata taarifa kwamba amejibiwa, na anaweza kubadilisha maoni yake akitaka. Wewe pia unaweza kuhariri jibu lako. Akirudi na mkamalizana, ongeza sentensi moja tu kwamba kitenge kilibadilishwa, bila kumsifu wala kumshukuru kupita kiasi.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua mlango, kazi iliyobaki ni ya kalamu na gundi: kibandiko kwenye kila rafu, "yadi 6, karibu mita 5 na nusu", na chini yake, "fua peke yake, maji baridi". Na mzigo ule wa buluu uondolewe mbele hadi mwenye jumla aonyeshwe kile kipande cha pamba.