Magunia 40 na sentensi tatu: uzoefu wangu wa kutafsiri kati ya meneja na mwenyekiti

Katika ghala la korosho ninalofanyia kazi hapa Mtwara mimi ni karani wa mapokezi ya mzigo. Hata hivyo, meneja wetu ni mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima wanaotuletea korosho kutoka Newala na Tandahimba huandika kwa Kiswahili, kwa hiyo tangu msimu unapofunguka mwezi Oktoba kila ujumbe baina yao hupita mkononi mwangu. Nilidhani kazi hiyo ni ya kujua maneno, mpaka msimu mmoja magunia 40 yaliponifundisha vinginevyo.

Magunia hayo yalipopimwa yalionekana kuwa na unyevu wa asilimia 12, ilhali ghala letu halipokei korosho ghafi zinazozidi asilimia 10, kwa sababu zikilundikwa zikiwa mbichi huota ukungu. Meneja aliandika sentensi tatu za Kiingereza ili nimpelekee mwenyekiti wa chama husika. Ukizifuata neno kwa neno, zilisema hivi: "Tafadhali, ungeweza kumtuma mtu ghalani siku ya Alhamisi? Ninaogopa hatuwezi kuyapokea magunia 40 jinsi yalivyo. Ingekuwa vizuri jambo hili likiisha kabla ya mnada." Nami nilizituma kwa wasapu karibu hivyo hivyo, nikiwa na haraka ya kurudi kwenye mizani.

Jibu lilikuja jioni: "Ndiyo, tunaweza. Wala msiogope, mambo yatakwenda vizuri." Alhamisi ikapita bila mtu yeyote kufika. Meneja aliona amedharauliwa, na mwenyekiti, nilipompigia simu, alishangaa kwa dhati, kwani aliulizwa kama anaweza naye akajibu, akaambiwa kuna hofu naye akaituliza. Kilichomkera ni kimoja tu, nacho ni kwamba ujumbe ulianza na "tafadhali" bila salamu, mfano wa mtu anayemkanya mtoto.

Nilipoketi na ujumbe ule upya nilitambua kwamba katika sentensi zote tatu Kiingereza kilikuwa kimeficha amri ndani ya adabu. Swali la kama mtu "angeweza" halikuuliza uwezo. Lilikuwa agizo lililovalishwa swali. "Ninaogopa" haikuwa hofu, bali njia ya kutangaza habari mbaya kwa upole, ambayo sisi huifanya kwa kusema "tunasikitika kukufahamisha". Sentensi ya tatu, niliyoiona kama matumaini ya jumla, ndiyo iliyobeba tarehe ya mwisho. Mwingereza wa ofisini hulegeza sauti kadiri jambo linavyokuwa zito, na anayesoma kwa masikio ya Kiswahili hudhani jambo lenyewe ndilo lililolegea.

Tangu siku hiyo, kabla ya kutafsiri ombi lolote hujiuliza swali moja: je, huyu anayeandikiwa anaruhusiwa kukataa? Jibu ndilo linalonichagulia kitenzi. Kiswahili cha barua kina ngazi ambazo kila aliyewahi kupokea barua ya ofisi anazijua hata kama hajawahi kuzitaja: unashauriwa, unaombwa, unakumbushwa, unatakiwa, unaagizwa. Anayeshauriwa ana hiari. Anayeombwa ana hiari kwenye karatasi, ingawa anatarajiwa kufanya. Anayekumbushwa anajulishwa kwamba muda umeanza kumpita, na anayetakiwa hana hiari tena. Meneja, nilipomuuliza, alisema chama hakina budi kumleta mtu, lakini hakutaka ugomvi. Nikachagua "kinaombwa", kisha uzito uliobaki nikauweka kwenye tarehe na kwenye matokeo ya kutofika. Nafsi nayo niliibadilisha: badala ya kumwambia mwenyekiti "unaombwa", niliandika kwamba chama kinaombwa, ili aibu ya magunia mabichi iangukie ofisi na si yeye binafsi. Kiingereza hakikuwa na tofauti hiyo, kwa kuwa kiwakilishi chao kimoja hubeba mtu mmoja na wengi pia.

Ujumbe wa pili ulisomeka hivi: "Ndugu Mwenyekiti, habari za kazi. Tunasikitika kukufahamisha kuwa magunia 40 yaliyoletwa na chama chako yamepimwa na kuonekana na unyevu wa asilimia 12, hivyo hayawezi kupokelewa katika hali yaliyo nayo sasa. Chama kinaombwa kutuma mwakilishi ghalani Alhamisi ijayo, saa 3 asubuhi, ili tukubaliane namna ya kuyaanika upya. Magunia ambayo hayatakuwa yamekamilika kabla ya mnada hayataingizwa kwenye orodha ya mauzo. Nakutakia kazi njema." Ni mrefu kuliko wa meneja, naye aliuliza kwa nini. Nilimweleza kwamba sijaongeza jambo, ila nimeyatoa nje yale aliyoyaficha. Saa na matokeo ya kutofika nilimwomba ayathibitishe kabla sijatuma, kwa sababu hayo mfasiri hana mamlaka ya kuyabuni.

Jambo la salamu lilinisumbua zaidi. Mwenyekiti ni mzee wa umri wa baba yangu, na meneja ni kijana. Kumwandikia "shikamoo" kwa jina la meneja kungekuwa kumtia mtu maneno mdomoni. Kutoiandika kwenye simu yangu kungenifanya mimi nionekane sina adabu. Nilipata njia kwa kuutenganisha ujumbe mara mbili. Kwanza namwamkia mimi mwenyewe na kusubiri marahaba, kisha naandika, "Mzee, Meneja anakusalimu, ujumbe wake ni huu", ndipo unafuata wake. Kwenye barua rasmi shida hiyo haipo, kwani huko shikamoo haiandikwi.

Kurudi upande wa pili kulikuwa na mitego yake. Barua ya chama ilifungua kwa "Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu", ikaendelea na "poleni na majukumu", ikaja "tunaomba mtuvumilie", ikaishia na "taarifa yenu tumeipokea na tutaifanyia kazi". Sentensi ya kwanza niliiacha kabisa, maana kichwa cha barua ya Kiingereza kinaitosheleza. Pole ile niliigeuza kuwa salamu ya kawaida ya kumtakia mtu hali njema, kwa kuwa ikitafsiriwa kama majuto msomaji hujiuliza amepatwa na msiba gani. "Tunaomba", ikifuatwa kwa kamusi, huwa kuomba kwa kupiga magoti. Niliishusha ikawa ombi la kistaarabu la kuongezewa muda.

Kwenye "tutaifanyia kazi" ndipo nilipokaribia kukosea tena. Nilikwisha kuandika kwamba chama kinaahidi kulitekeleza suala hilo, nikasita. Neno hilo linasema barua imefika na itasomwa; halisemi kwamba aliyeandika amekubali. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba taarifa imepokelewa na itajadiliwa, na chini ya tafsiri nikaweka mstari wangu mwenyewe, wenye kichwa "maelezo ya mfasiri", kwamba barua haijataja siku, na kwamba ingefaa tuulize kama ile Alhamisi inawafaa. Meneja aliniruhusu kuuliza. Wawakilishi wawili walifika saa 4 badala ya saa 3, wakayachukua magunia wakayaanike, na yaliporudishwa kipimo kilisoma asilimia 9.

Mpaka leo ninao mstari huo wa maelezo kila ninapokutana na "inshallah tutafika". Neno "inshallah" naliacha kama lilivyo katika tafsiri, na pembeni naandika tu ni nani aliyelisema na kama alitaja saa.