"Binti yangu, hiki kitabu sasa ni cha nani?"

Ndo imeili niliyoamka nayo jumanne, mstari mmoja tu, hakuna salamu wala nini. Na mzee huyu ni mtu wa salamu, kawaida anaanza kuuliza habari za watoto, mvua, umeme, ndo anafika kwenye shida. Nikajua leo kimenuka.

Kwa wasiojua, nahariri miswada ya watu. Huu ni wa mzee mmoja wa kanda ya ziwa, ameandika maisha yake, utoto kwenye pamba, ukarani kwenye chama cha ushirika, mpaka kustaafu. Kurasa kama 200 hivi. Nilimrudishia sura tatu za mwanzo aone kazi inavyoenda, nikiwa najisikia vizuri kabisa maana nilizipiga kweli kweli. Yeye kafungua faili kwenye kompyuta ya mjukuu kakuta nyekundu tupu. Sura ya tatu peke yake, kurasa 11, ile paneli ya pembeni ilikuwa inaandika 638 revisions.

Jibu la kwanza niliandika saa hiyo hiyo kabla hata ya chai, na namshukuru Mungu sikulituma. Lilikuwa na maneno kama "kwa uzoefu wangu" na "kitaalamu", yaani mtu akiona hayo kwenye imeili anajua kabisa anafokewa kwa adabu. Nikaliacha kwenye drafti nikafungua sura ya tatu upya, nikaisoma kama mimi ndo mzee.

Kitu cha kwanza nilichokiona, ile 638 inatisha kuliko ilivyo. Word ukibadilisha neno moja inahesabu mara mbili, kufuta moja na kuingiza moja. Halafu mzee anaandika kama watu waliojifunza taipureta, kila baada ya nukta anaweka nafasi mbili, mimi nikaenda nikazifuta zote huku Track Changes imewashwa, kila nafasi ikaacha kialama chake chekundu. Huo ni uzembe wangu mimi. Vitu vya hivyo unavimaliza mwanzoni kwa Find and Replace ukiwa umezima Track Changes, unamwambia mwenye kazi kwenye barua kwamba nimefanya hivi, basi, anakuja kuona yale mabadiliko yanayomhusu tu. Sasa mzee wa watu anaona ukurasa umechubuka kila mahali, atajuaje kwamba nusu ya michubuko ni nafasi tupu?

Ila nusu nyingine haikuwa nafasi tupu, na hapo ndo nilikaa sana.

Kuna mahali ameandika kifo cha mama yake. Yeye aliandika: "Mama alifariki mwaka ule wa njaa. Hatukulia. Kulia kulikuwa kwa watu wenye nafasi." Mimi, sijui nilikuwa nawaza nini, nikaigeuza ikawa: "Mama yangu alifariki dunia katika mwaka huo wa njaa, na kutokana na hali ngumu iliyokuwepo hatukupata fursa ya kumwombolezea ipasavyo." Jamani. Niliisoma mara tatu nikaona aibu peke yangu chumbani. Hapo hapakuwa na kosa lolote, sentensi tu zilikuwa fupi, mimi ufupi nikauona kama kasoro, nikaweka "kutokana na hali ngumu iliyokuwepo" kama taarifa ya mkuu wa wilaya.

Halafu ukurasa unaofuata kuna hii: "Karani alimwambia baba pamba yake ni fifi, yote. Alicheka. Watu wote wakanyamaza." Fifi kwa ambao hamjakulia huko ni pamba yenye madoa, daraja la chini, bei yake ndogo, na karani asiye na haya alikuwa anaweza kukuandikia fifi hata kama umeleta nyeupe. Sasa nani alicheka hapo? A- ya Kiswahili haisemi, inaweza kuwa karani, inaweza kuwa baba. Mimi nikaona wazi ni karani, nikaandika "kisha karani akacheka kwa dharau", nikasonga mbele. Hii niliipigania moyoni, nikasema hapa mzee atanisamehe lakini msomaji lazima ajue.

Na vingine sikuwa na wasiwasi navyo kabisa. Sura ya kwanza anasema vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1974, sura ya tatu anasema 1977, ukweli ni 1976. Hilo halina mjadala wa ladha, mtu wa ushirika akisoma atafunga kitabu. Gari nalo linaanza "lilifika" likimaliza sentensi ni "ikapakiwa".

Basi jioni nikaandika hii, naiweka karibu yote, nimetoa tu vitu vinavyomtambulisha:

"Shikamoo mzee wangu. Poleni na mvua.

Kitabu ni chako. Faili lako la mwanzo lipo vile vile ulivyonitumia, sijaligusa, na kila nilichobadilisha kimeachiwa alama, kwa hiyo hakuna neno lako lililopotea. Ila nimekaa leo nimesoma sura ya tatu upya na naona umeuliza swali la haki.

Alama nyingi ulizoziona ni nafasi mbili baada ya nukta nilizozifanya moja. Hizo nilipaswa kuzisafisha kimya kimya nikuambie, siyo kukujazia ukurasa. Samahani kwa hilo.

Kuna mabadiliko ambayo nakuomba tuyaache. Mwaka wa kuvunjwa kwa ushirika uko 1974 sehemu moja na 1977 sehemu nyingine, nimeweka 1976, na wewe uliyekuwepo unaweza kuhakikisha kuliko mimi. Gari nimelifanya liwe 'li' kitabu kizima. Na jina la kijiji chenu umeliandika kwa namna mbili, nimechagua ile iliyotokea mara nyingi. Haya ni mambo ambayo msomaji akijikwaa nayo anaacha kukuamini hata pale unaposema kweli.

Yapo ambayo nakurudishia bila ubishi. Sehemu ya mama nimeirudisha neno kwa neno. Ilikuwa sawa, niliiharibu. Maneno ya watu wanapoongea nayo nimerudisha, karani akisema 'masaa' abaki na masaa yake, ndivyo alivyoongea, ila wewe mwenyewe unaposimulia naomba iwe 'saa'.

Halafu kuna sehemu kama tisa ambazo mimi kama msomaji nilipotea. Pale nilibadilisha kwa kukisia, sikupaswa. Sasa nimetoa makisio yangu nimeweka swali pembeni, ujibu kwa maneno yako nami niyaingize kama ulivyosema. Mfano ukurasa wa 34, 'Alicheka.' Ni nani aliyecheka, karani au baba? Mimi niliandika karani.

Ninachopendekeza: nimeifanya sura ya tatu upya kwa njia hii, imeambatana hapa. Isome hiyo moja tu. Ukiona sawa, sura zote zilizobaki nitazifanya hivyo, na hizi za mwanzo nazirudia bila kukuongezea hela. Ukiona bado nimezidisha, niambie ni aya ipi ilikukera, tutasogea kutoka hapo. Na kama ulichotaka ni makosa ya tahajia tu, nitafanya hivyo na bei itapungua, ila zile tisa utazikuta kwenye kitabu kilichochapwa na mimi sitakuwepo kuulizwa."

Ule mstari wa mwisho niliufuta nikaurudisha mara mbili. Mdogo wangu alisema unamtishia mzee. Mi nikaona hapana, ni kweli, na mtu anayelipa anahaki ya kujua anachonunua na asichonunua. Kosa la msingi ni kwamba mwanzoni tulikubaliana "kuhariri" na hatukusema kuhariri kwa kiasi gani. Yeye alielewa kusahihisha herufi, mimi nikaelewa kuingia jikoni. Sikumtumia hata kurasa mbili za mfano kabla ya kuchukua malipo ya awali, ambayo ni kitu nawaambia wenzangu kila siku wafanye.

Kuifanya sura upya haikuwa kubofya tu. Mwanzo nilidhani nitakaa na Reject nirudishe moja moja, nikafika ukurasa wa pili nikachoka maana mabadiliko yamepandana, ukikataa hili lile linabaki nusu, unapata "alifariki alifariki dunia". Nikachukua faili lake la mwanzo, nikalihifadhi kopi, nikasafisha nafasi Track Changes imezimwa, nikaiwasha, nikaanza moja. Safari hii kila nilipotaka kugusa najiuliza, hili ni kosa, au sijaelewa, au sijapenda tu? Kosa nasahihisha. Sijaelewa naweka komenti. Sijapenda, mkono kwenye kikombe cha chai. Niliishia na 97 na komenti tisa, kutoka 638, na ukweli mchungu ni kwamba sura ilisomeka vizuri kuliko ile niliyoipiga mwanzo. Siyo sehemu zote lakini, kuna aya moja ndefu ya mkutano wa chama ambayo bado naona ingekatwa katikati, nimeandika komenti nimenyamaza.

Nikatuma saa nne usiku. Jumatano kimya. Alhamisi kimya, nikaanza kupiga hesabu ya kurudisha advansi na hela yenyewe nimeshalipia ada.

Ijumaa asubuhi ndo simu, siyo imeili. Mzee hajambo, kasalimia mpaka kamaliza, mvua ipo, mahindi yamesimama. Halafu akasema, "Karani hakucheka. Yule hakucheka hata siku moja. Aliyecheka ni baba."

Nikakaa chini. Maana mimi nilikuwa nimeshaandika karani, tena "kwa dharau", na kama asingelalamika ingechapwa hivyo, baba yake angenyang'anywa kicheko chake mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Nikamuuliza sasa mzee baba alicheka kwa nini, ameambiwa pamba yake yote ni fifi? Akasema baba alikuwa ameweka gunia la juu kutoka kwa karani mwenyewe. Alikopa gunia moja la pamba ya shamba la karani, ile ile ambayo karani alikuwa anaipitisha kama safi, akalibeba mizanini, na karani akaliandika fifi bila kuangalia. Ndo maana watu wakanyamaza, walijua. Nikamwambia mzee, hiyo haipo kwenye kitabu! Akasema, "Si nimeandika alicheka."

Tumekubaliana njia ile. Sehemu ya mama nisiiguse tena, hiyo kairudia mara mbili. Gari liwe "li", sawa. Ule mkutano wa chama haukatwi, alikuwepo, ulikuwa mrefu.

Leo asubuhi ameniletea kurasa mbili mpya za gunia la karani. Nafasi mbili mbili baada ya kila nukta.