Waya wa sumaku, chenga za chuma na simu yangu ya kazi

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu hapa Arua, na kibanda changu kimepakana na karakana ya kuchomelea milango. Kila akija mteja nachomoa simu kwenye chaja, akiondoka naichomeka tena. Kwa siku inaweza kufika mara arobaini. Simu mbili nilizotangulia kutumia ziliharibika mahali pamoja: tundu la chaja lililegea, ikawa lazima waya uupinde ndipo umeme uingie.

Ya tatu niliinunulia waya wa sumaku. Kichwa kidogo cha taipu-si kinakaa ndani ya tundu la simu muda wote, na waya unakuja kukinata wenyewe ukiusogeza karibu. Ni raha kweli. Mkono mmoja unahesabu noti, mwingine unarudisha simu mahali pake bila hata kutazama, na mteja akijikwaa kwenye waya, unaachia tu, simu haianguki.

Kilichonisumbua kwanza ni mwendo wa chaji. Fundi wangu wa simu ana kipimio kidogo kinachokaa kati ya chaja na waya, akanipimia. Kwa waya wa kawaida simu ilikuwa ikivuta volti 9 na karibu ampia 2, yaani wati 17 hivi. Kwa waya wa sumaku, chaja ileile, ilibaki volti 5 na ampia 1.6, ambazo ni wati 8 tu. Kutoka asilimia 20 hadi 80 nilikuwa natumia karibu saa mbili, wakati waya wa kawaida ulimaliza chini ya saa moja.

“Dada, chaja si mbovu,” akaniambia. “Simu na chaja lazima zizungumze kwanza ndipo volti zipande. Sumaku yako ina pini chache, mazungumzo hayapiti.”

Hilo nililikubali. Simu inayokaa mezani mchana kutwa haina haraka, wati 8 zinaitosha.

Tatizo la pili ndilo lililonitisha. Kiangazi, Januari, vumbi jekundu la barabarani liliingia kila mahali. Simu ikawa inalia kuonyesha imeanza kuchaji, inakata, inalia tena. Nikafuta kichwa kwa kitambaa kikavu, ikatulia. Nikadhani nimejua dawa. Siku chache baadaye ikaanza tena, ila safari hii niliposhika kichwa kilikuwa cha moto, na palikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua.

Nilizima soketi nikapeleka ncha ya waya kwenye mwanga wa mlango. Kuzunguka pini palikuwa na nywele nyeusi fupi zilizosimama wima, kama mgongo wa kiwavi. Zilikuwa chenga za chuma kutoka kwenye grenda ya jirani. Mbili tatu zilikuwa zimelala kutoka pini moja hadi nyingine, na katikati yake plastiki imeingia shimo jeusi dogo kama kichwa cha sindano.

Hapo nikaelewa tofauti. Vumbi la udongo likikaa kwenye pini linazuia umeme usipite vizuri, ndiyo maana simu inakatakata. Chenga za chuma zinafanya kinyume: zinaupitisha umeme pasipotakiwa, na hapo panapata moto. Ukipuliza haziondoki kwa sababu sumaku inazishika, na ukifuta kwa kitambaa zinahama tu upande. Tena ncha ya waya wangu ina umeme muda wote soketi ikiwa imewashwa, hata simu isipokuwepo. Hata pini ya stepla iliyoanguka mezani inaweza kuruka ikajibandika hapo.

Waya ule niliutupa pamoja na kichwa chake. Nilikitoa kwa ukucha, polepole, na tundu la simu nikalikuta safi kabisa, kwa sababu kichwa kilikuwa kimeliziba.

Nilinunua mwingine, maana urahisi wake bado naupenda, lakini sasa uko upande wa pili wa kibanda, mbali na ukuta wa karakana. Unaning'inia kwenye msumari, ncha imefunikwa kwa kifuniko cha chupa ya dawa. Soketi naizima simu ikiwa mkononi. Usiku nyumbani natoa kichwa na kutumia waya wa kawaida, kwa sababu hapo nataka chaji ijae haraka kabla umeme haujakatika.

Asubuhi kabla ya kufungua nazima soketi, nakata kipande cha selotepu na kukibandika kwenye ncha ya waya, halafu kwenye kichwa cha simu, nikikibonyeza na kukivuta mara tatu nne. Kikitoka na madoa mekundu, siku hiyo ni vumbi la barabara. Kikitoka na vinywele vyeusi, nakata kipande kingine na kurudia mpaka kitoke cheupe, ndipo nawasha.