Tangazo la simu ya mkopo: watu waliuliza "jumla ni ngapi?" kisha wakanyamaza

Tangazo letu la sekunde 20 lilitaja kianzio na malipo ya wiki tu. Meseji zilikuja nyingi, karibu zote zikiuliza jumla, ukijibu, kimya. Tulijaribu kugawa malipo yawe ya siku, tukaongeza "nafuu kabisa". Maswali yakazidi, maana kiasi kikiwa kidogo mno mtu huhisi kuna kitu kimefichwa.

Kilichosaidia ni kuisema jumla sisi wenyewe. Tuseme simu ni 100 taslimu, kianzio 20, kisha 8 kwa wiki 12. Tangazo sasa linasema: "Utalipa 116 jumla. Ni ghali kuliko taslimu? Ndiyo, kwa 16. Unaanza na 20, simu unaondoka nayo leo. Ukichelewa inajifunga, ukilipa inafunguka."

Mpangilio ndio siri. Jumla ilipokaa mwishoni, ilisikika kama masharti yanayosomwa haraka haraka. Ilipotangulia, 20 ikaonekana ndogo bila sisi kuisifia. Wanaouliza wamepungua, ila sasa wanauliza waje na kitambulisho gani. Mwenye taslimu mkononi bado hatumpati, na sidhani tangazo hili linamhusu.