Siku yangu na msimu wa mpira wa mikono, Kidato cha Pili

Saa 12:40 asubuhi. Nimeshuka daladala Moshi mjini, mlima umejifunua wote, Kibo kunang'aa. Begani nina mfuko wa mipira minne na ndoo ndogo ya majivu. Ni Jumatano, wiki ya sita kati ya tisa, siku ya kipindi changu cha pamoja cha dakika 80.

Saa 1:15. Nachora mistari ya viwanja viwili kwa majivu. Sheria kamili inataka eneo la kipa liwe mita 6 kutoka golini, lakini eneo letu ni dogo, kwa hiyo nimelisogeza hadi mita 5. Magoli ni mianzi.

Darasa lina wanafunzi 48, timu sita za wanane: Kibo, Mawenzi, Shira, Meru, Rau na Karanga. Timu hazibadiliki mpaka msimu uishe. Hilo alilitaka Mmarekani Daryl Siedentop alipoanzisha mtindo huu wa kufundisha michezo kwa misimu miaka ya 1980: mtoto awe na timu anayoijua kama yake, na kila mmoja awe na kazi zaidi ya kucheza. Kila uwanja una timu tatu. Mbili zinacheza watano kwa watano, dakika 12, na ya tatu iko zamu: waamuzi, watunza takwimu, mtunza muda, mshika ubao wa matokeo. Kisha wanabadilishana. Wakati wa mapumziko kocha lazima aingize wote watatu waliokuwa nje, la sivyo mwenye nguvu angecheza peke yake mwaka mzima.

Saa 3:10, mapumziko ya chai. Kocha wa Mawenzi, binti mpole, amenifuata na karatasi ya wiki iliyopita.
"Shikamoo mwalimu. Nahodha wetu amepiga mashuti 10, mabao matatu. Sisi wengine mashuti manne, mabao matatu."
"Marahaba. Sasa unataka kumfanya nini?"
"Leo mazoezini, bao halihesabiki mpaka watatu waguse mpira."
Nimemkubalia, ila nimemwambia mashuti manne ni machache, na huenda wenzake walipiga pale tu walipokuwa wazi kabisa. Karatasi haisemi kwamba nahodha ni mbovu. Inasema mpira wote unapita kwake.

Saa 4:20. Makocha wanaendesha mazoezi dakika 20, mimi nazunguka tu. Nahodha wa Mawenzi amenuna kidogo kwa ile sheria mpya, lakini anatoa pasi.

Saa 5:05 ndipo kasheshe. Kibo na Rau wanacheza, Mawenzi wako zamu. Mchezaji wa Rau amerusha, mpira umeingia, filimbi imelia. Rau wanashangilia, ubao umebadilishwa kuwa 5–5. Karatasi inasoma 5–4. Vijana kama kumi wamemzingira mwamuzi, msichana mdogo kuliko wote pale.

Sikuingia. Kanuni yetu ni kwamba saa inasimamishwa na manahodha wawili tu ndio wanaosogea. Mwamuzi akaeleza: mrushaji alikanyaga ndani ya eneo la kipa kabla ya kuachia mpira. Uamuzi sahihi, bao hakuna. Kosa lake lilikuwa dogo: alipiga filimbi, hakunyoosha mkono kuonyesha mpira unaelekea wapi. Aliyeshika ubao akasikia filimbi na shangwe, akadhani ni bao. Tangu kipindi cha tatu tumelifanyia mazoezi: filimbi, mkono, ndipo maneno. Mtoto akishtuka, mkono ndio wa kwanza kusahaulika. (Majivu nayo yalikuwa yamefutika pale kwenye mstari. Hilo ni langu.)

5–4 ikabaki. Rau walipeana mikono na Kibo bila manung'uniko, wakachukua pointi zote tatu za uungwana. Mawenzi wamepata pointi moja ya zamu badala ya mbili. Nahodha wao amelalamika kwamba wanakatwa kwa mechi isiyo yao. Ndiyo, wanakatwa. Kabla sijaweka pointi za zamu kwenye msimamo, timu iliyokuwa zamu ilikuwa inakaa kivulini inapiga soga.

Mchana ni vipindi vya darasani, hakuna la kusimulia.

Saa 2 usiku. Mezani nina karatasi na manila ya msimamo. Ushindi ni pointi tatu, sare mbili, kushindwa moja, halafu uungwana na zamu. Rau, ambao hawajashinda mechi mbili mfululizo, wamepanda hadi nafasi ya tatu.

Kwenye karatasi ya Kibo na Rau kuna kisanduku kitupu. Wawili hutunza takwimu, mmoja anatazama na kutamka, mwenzake anaandika bila kuinua kichwa. Pembeni wameandika kwa penseli: "Dakika ya 10 watu walitusimamia mbele, hatukuona nani alitoa pasi."

Wangeweza kubuni jina tu, nisingejua. Nimehamisha takwimu zote kwenye daftari langu, kisanduku hicho nikakiacha kitupu vilevile.